Pikseli Zilizokopwa kwa Fremu Iliyopita

Novemba 2013, Sony ilipoingiza sokoni PlayStation 4, gemu mojawapo iliyotangulizwa mbele kuonyesha ubavu wa mashine hiyo ilikuwa Killzone: Shadow Fall, kazi ya kampuni ya Guerrilla ya Amsterdam. Iliuzwa kama gemu ya 1080p, yaani picha yenye pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Aliyecheza peke yake kwa kufuata hadithi hakuwa na la kulalamikia. Lakini walioingia upande wa mapambano ya watu wengi, wenye macho yaliyozoea mambo haya, waliona picha ina ukungu fulani, hasa mambo yanapokwenda kasi.

Machi 2014 Guerrilla ilitoa maelezo. Katika mapambano ya wengi, kompyuta ilikuwa ikichora pikseli 960 tu kwa upana badala ya 1920, yaani nusu ya picha. Nusu ya pili ilitolewa kwenye fremu zilizotangulia: programu ilitazama kila kitu kilikuwa wapi kitambo kidogo nyuma, ikakisia kimefika wapi sasa, ikazihamishia pikseli za zamani mahali papya. Mahali ambapo makisio hayakuaminika, ilijaza pengo kwa wastani wa pikseli jirani. Agosti mwaka huohuo mnunuzi mmoja akaishtaki Sony katika mahakama ya shirikisho huko California, akidai kwamba aliahidiwa 1080p na hakupewa.

Madai yake yanaeleweka. Lakini ukiitazama leo menyu ya mipangilio ya karibu gemu yoyote kubwa ya kompyuta, utakuta njia ileile imeandikwa waziwazi kwa majina ya DLSS, FSR au XeSS, na wachezaji wenyewe ndio wanaoiwasha. Kilichoshtakiwa kimekuwa kitu cha kujivunia kwenye boksi. Kati ya siku ile na leo kulikuwa na swali moja gumu, na Guerrilla walikwishaligusa: pikseli ya zamani iaminiwe wakati gani?

Tuanze na hesabu inayowasukuma watengenezaji wote huku. Runinga ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Picha ya 1080p ina 2,073,600, robo kamili ya hizo. Ili gemu iende kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 na si zaidi. Tuseme kadi ya michoro inahitaji milisekunde 32 kuchora mandhari fulani katika 4K, na kati ya hizo 28 zinaliwa na kazi inayofuata idadi ya pikseli: mwanga, vivuli, maji, ngozi za watu. Milisekunde nne zilizobaki ni za kazi isiyobadilika, pikseli ziwe nyingi au chache. Ukichora robo ya pikseli, 28 zinashuka hadi 7. Ongeza nne zile, ongeza mbili za kuijenga upya picha, unapata 13. Umeingia ndani ya 16.7 na una akiba.

Faida hiyo haina maana kama picha ya 1080p itavutwa tu ijae skrini. Runinga yoyote inaweza kuivuta, na matokeo yake ni ukungu, kwa sababu kuvuta hakuongezi habari. Habari isiyokuwamo kwenye fremu haiwezi kutoka humo, hata ungetumia hesabu za aina gani.

Nitatumia mfano wa waya mmoja wa umeme, na nitaendelea nao, maana karibu matatizo yote ya fani hii yanaonekana kwenye kitu chembamba kama huo. Waya umetandazwa mbele ya mbingu, umelala kidogo kwa mshazari. Katika skrini ya 4K unene wake ni pikseli moja. Mbingu tuipe mwangaza wa 200, waya tuupe 20. Sasa tunachora kwa 1080p, ambako kila pikseli ina ukubwa wa pikseli nne za 4K, mbili kwa mbili. Kompyuta haiitazami pikseli nzima. Inapima nukta moja tu, kwa kawaida ile ya katikati. Waya una unene wa nusu pikseli kwa kipimo hiki, hivyo kuna mahali nukta inauangukia na kuna mahali unapita pembeni yake. Kinachoonekana ni vipande vya waya vinavyoelea hewani, na kamera ikisogea vipande vinatambaa kama siafu.

Ujanja wa kwanza ni kuitikisa kamera. Katika kila fremu, kabla ya kuchora, programu inaisogeza kwa kipimo kilicho chini ya pikseli moja: safari hii robo pikseli kulia, inayofuata theluthi moja juu, na kuendelea. Mchezaji haoni mtikisiko huo kwa sababu unaondolewa kabla picha haijafika kwenye skrini. Lakini nukta ya kupimia imehama, na fremu ambayo jana ingeukosa waya leo inaugusa. Ni kama mtu anayechungulia uani kupitia mianya ya ukuta wa makuti: akisimama tuli anaona vijistari vya mambo, akicheza kichwa kidogo huku na huku anauona ua mzima.

Mahali pa kusogea hapachaguliwi kwa bahati nasibu, kwa kuwa bahati nasibu ina tabia ya kurundika nukta upande mmoja na kuacha upande mwingine mtupu. Gemu nyingi zinatumia mfuatano wa Halton, uliotokana na kazi ya mwanahisabati John Halton ya mwaka 1960. Kwa upana unakwenda 1/2, 1/4, 3/4, 1/8, 5/8, na kwa kimo 1/3, 2/3, 1/9, 4/9, kila nukta mpya ikiangukia pengo lililoachwa na zilizotangulia. Idadi ya nukta kabla ya kurudia mzunguko ina kanuni yake. Katika FSR 2 ya kampuni ya AMD ni hii:

```
8 × (upana wa skrini ÷ upana wa picha ya ndani)²
```

Kutoka 1920 kwenda 3840 uwiano ni 2, mraba wake 4, mara nane ni 32. Kwa hiyo baada ya fremu 32 kila pikseli ya 1080p imepimwa mahali 32 tofauti, na ukizigawa nukta hizo kwa pikseli nne za 4K zilizo ndani yake, kila moja imepata nane. Turudi kwenye waya wetu. Katika fremu 32, karibu nusu zimeugusa na nusu zimepita kwenye mbingu. Kama zote zingechanganywa kwenye pikseli ileile kubwa, tungepata 110, utepe mnene wa kijivu. Lakini hazichanganywi hivyo. Kumbukumbu ya picha inatunzwa kwa ukubwa wa 4K, na kila sampuli inapelekwa kwenye pikseli ndogo iliyo karibu nayo zaidi. Zilizogusa waya zinakwenda kwenye safu ya waya na kuiandikia 20. Zilizopita juu zinakwenda safu ya juu na kuiandikia 200. Waya mwembamba mweusi umetokea mbele ya mbingu angavu, na hakuna aliyeubuni. Ulipimwa kweli, ila kwa awamu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba hizi ni picha za kubahatisha. Gemu ikiwa imetulia na mfumo umewekwa sawasawa, pikseli nyingi za picha iliyojengwa upya zimepimwa mara nyingi kuliko zile za picha ya 4K halisi isiyo na ulainishaji wowote, ambayo imepima mara moja tu kwa pikseli. Ndiyo maana mara nyingine nyaya, nyavu na majani hutoka vizuri zaidi huku kuliko kule. Aliyeshangazwa na jambo hilo alikuwa akilinganisha sampuli nane na sampuli moja.

Kwa vitendo kompyuta haitunzi fremu 32 mojamoja, maana zingejaza kumbukumbu yake bure. Inatunza picha moja tu, na kila fremu mpya inachanganywa nayo kwa kiasi kidogo, mathalani sehemu moja ya kumi mpya na tisa za zamani. Mtindo huu ulienea katika gemu baada ya Brian Karis wa Epic Games kueleza, katika mkutano wa SIGGRAPH wa mwaka 2014, jinsi walivyoutumia katika injini ya Unreal. Wakati ule lengo lilikuwa kulainisha kingo tu, bila kuongeza ukubwa wa picha. Kukuza picha kulikuja kama hatua inayofuata ya wazo lilelile.

Yote haya yanakwenda vizuri hadi mchezaji aguse kitufe.

Kamera ikizunguka, tofali lililokuwa pikseli ya 2012 kutoka kushoto sasa liko ya 2000. Ukichanganya fremu mpya na kumbukumbu bila kulijua hilo, unalipaka tofali juu ya jirani yake. Kwa hiyo injini ya gemu inatakiwa kuandika, kando ya rangi ya kila pikseli, vekta ya mwendo: kitu hiki fremu iliyopita kilikuwa hapa na sasa kiko pale. Kwa ukuta ni hesabu rahisi, kwani kinachohama ni kamera tu. Kwa mtu anayekimbia kazi inaongezeka, maana injini lazima iwe imetunza mkao wa mifupa yake yote wa fremu iliyopita ili ijue kiwiko kilikuwa wapi. Kwa majani yanayopepea kwa upepo, lazima upepo wenyewe ukokotolewe mara mbili, wa sasa na wa kitambo kilichopita.

Kuna makosa mawili ya hatua hii ambayo mtu anaweza kuyatambua kwa macho. La kwanza ni la watengenezaji wageni: wanasahau kuutoa mtikisiko wa kamera kwenye vekta, au wanaweka alama ya kujumlisha penye kutoa. Hapo picha nzima hutetemeka au huwa na ukungu hata mchezaji akiwa amesimama. La pili halina wa kumlaumu. Vekta haisemi 12 kamili, inasema 12.4. Mahali hapo pako katikati ya pikseli mbili, kwa hiyo rangi yake inapatikana kwa kuchanganya majirani, na kila kuchanganya kunalainisha picha kidogo. Fanya hivyo mara 60 kwa sekunde na ukungu unajikusanya. Watengenezaji hutumia vichujio vinavyohifadhi ukali, kama kile cha Lanczos, kisha mwishoni hupitisha hatua ya kunoa picha. Ukiona kingo za vitu zina utepe mweupe kama zimechorwa kwa chaki, ujue kinoo kimezidi. Gemu nyingi zina kitelezi chake kwenye menyu, kishushe.

Sasa tumefika kwenye kiini. Mtu anapita mbele ya ukuta. Kila anapoondoka mahali, kipande cha ukuta kilichokuwa nyuma yake kinafunuka. Kipande hicho hakina historia, kwani fremu iliyopita hapo palikuwa na koti. Ukiiamini kumbukumbu, koti litabaki limening'inia ukutani na kufifia polepole, mzuka unaomfuata mtu kila aendako. Njia moja ya kuzuia mzuka ni kupima kina: kama fremu iliyopita kitu kilichokuwa hapa kilikuwa mita mbili kutoka kwenye kamera na sasa kilichopo kiko mita kumi, hicho si kitu kilekile, historia itupwe.

Lakini kina hakitoshi. Taa inapozimwa, ukuta ni uleule na kina ni kilekile, ila mwangaza wa zamani ni wa uongo. Kwa hiyo kuna ukaguzi wa pili, na huu ndio uliotawala fani kwa miaka. Programu inazitazama pikseli tisa za fremu mpya kuzunguka mahali husika, tatu kwa tatu, inatafuta ya giza zaidi na ya mwangaza zaidi, kisha inasema: rangi yoyote ya kumbukumbu iliyo nje ya mpaka huu irudishwe ndani ya mpaka. Mzuka wa koti jeusi kwenye ukuta mweupe hauna pa kujificha. Majirani wote ni weupe, nao utapakwa weupe.

Urejeshe ukaguzi huo kwenye waya wetu uone maafa yake. Tumesema nusu ya fremu haziugusi. Katika fremu kama hiyo, pikseli zote tisa ni mbingu, tuseme kati ya 198 na 202. Kumbukumbu inasema hapa pana 20. Mkaguzi anaangalia mpaka wake, anaona 20 iko nje, anaipandisha hadi 198. Kazi ya fremu nyingi imefutwa papo hapo. Fremu inayofuata inaugusa waya, unaanza kurudi. Inayofuata inaukosa, unafutwa. Mchezaji anaona waya unaometa na kuzimika. Sheria ileile iliyomfukuza mzuka imemfukuza na mwenye nyumba, kwa sababu kwa kutazama pikseli tisa tu mzuka wa koti na waya halisi vina sura moja: vyote ni giza lililo kwenye kumbukumbu na lisilo kwenye fremu mpya.

Hakuna namba moja ya kurekebisha itakayotibu hali hii. Legeza mpaka, mizuka inaingia. Ukaze, nyaya na nyavu zinawaka na kuzimika. Historia yote ya miaka ya karibuni ni jitihada za kumpatia mkaguzi sababu nyingine za kuamua.

AMD, katika FSR 2 iliyoingia kwanza kwenye gemu ya Deathloop mwezi Mei 2022, ilijibu kwa sheria zilizoandikwa na watu. Programu inatafuta vitu vyembamba katika kila fremu, pikseli iliyosimama peke yake kama ukingo kati ya majirani wanaofanana, na ikiiona inaifunga kwa kufuli. Penye kufuli, mkaguzi wa mpaka anaambiwa apunguze ukali wake kwa muda. Kufuli linafunguliwa mwanga ukibadilika ghafla au kitu kikifunikwa. Mwezi uliofuata AMD iliuweka hadharani msimbo wote, hivyo yeyote anaweza kuusoma na kuona kufuli hizo zinavyowekwa na kuondolewa. Uzuri mwingine wa sheria za namna hii ni kwamba hazihitaji sehemu maalumu ndani ya kadi ya michoro. Aliyenunua kadi iliyokwishatumika, kama walivyo wengi wanaojiundia kompyuta zao hapa kwetu, anaiwasha FSR 2 na inafanya kazi.

Nvidia ilipita njia nyingine, na ilijikwaa kabla ya kufika. DLSS ya kizazi cha kwanza iliingia katika Battlefield V na Metro Exodus Februari 2019. Ilitumia mtandao wa neva bandia uliofundishwa kwa kila gemu peke yake, na kwa sehemu kubwa uliitazama fremu ya sasa tu. Matokeo yalikuwa na ukungu, na wahakiki hawakuyaonea huruma. Kwa maoni yangu kosa halikuwa udhaifu wa mtandao, bali waliuomba utoe habari isiyokuwamo ndani ya fremu. Machi 2020 ilikuja DLSS 2.0, ambayo ilikubali vitu vilevile tulivyokwisha kuvitaja: kamera inayotikiswa, vekta za mwendo, kina, na kumbukumbu ya fremu zilizopita. Mtandao ulifundishwa kwa kulinganishwa na picha za rezolusheni ya 16K zilizochorwa taratibu nje ya gemu. Kazi yake haikuwa tena kubuni nyaya. Ilikuwa ni kuamua, pikseli kwa pikseli, kama giza hili ni waya au ni mzuka, na kwa uamuzi huo mtandao ulioona mifano mingi ni hodari kuliko sheria ya pikseli tisa. Mtandao mmoja ukatosha kwa gemu zote.

Tangu hapo wengine wamefuata upande huo. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 ilikuja na PSSR ya Sony, na AMD yenyewe, katika FSR 4 ya Machi 2025, imeziacha sheria za mkono na kushika ujifunzaji wa mashine, kwa gharama ya kuziacha nyuma kadi za zamani. (Msomaji asichanganye haya na kuzalisha fremu, ambako kompyuta inatunga fremu nzima za kuchomeka kati ya zilizochorwa. Menyu nyingi zinaviweka pamoja, lakini ni kazi mbili tofauti zenye kasoro tofauti.)

Hata mtandao bora hauwezi kuamua vizuri ukidanganywa, na kuna mahali injini hudanganya kila siku. Moshi, cheche, mvua na vumbi huchorwa juu ya picha vikiwa vinapenyeza nuru, na kwa kawaida haviandiki vekta wala kina. Cheche inapita kasi mbele ya mlima. Vekta iliyoandikwa mahali hapo ni ya mlima, inayosema hakuna kilichosogea. Mfumo unaamini, unachanganya cheche na kumbukumbu, na nyuma ya cheche unabaki mkia. Katika Death Stranding ilipotoka kwa kompyuta Julai 2020 ikiwa na DLSS, vijipande vyeusi vinavyoelea angani katika baadhi ya matukio viliacha michirizi mirefu iliyoonekana na kila mtu, na picha iliyobaki ilikuwa safi kabisa. Dawa ya FSR 2 kwa jambo hili ni ramani ya ziada ambayo mtengenezaji anaijaza mwenyewe: hapa pana moshi, hapa pana cheche, kumbukumbu isiaminiwe sana. Asiyeijaza anaacha mikia.

Vioo navyo vina udanganyifu wa aina yake. Kioo kimesimama ukutani, kwa hiyo vekta yake ni ya ukuta, lakini taswira iliyo ndani yake inahama kwa mwendo mwingine kabisa. Vivyo hivyo na runinga iliyomo ndani ya gemu inayoonyesha maandishi yanayopita: sanduku halisogei, maandishi yanasogea, na yanatoka yamefutikafutika. Maandishi ya gemu yenyewe, kama vile idadi ya risasi na ramani ya pembeni, hayaguswi na balaa hili kwa kuwa huchorwa mwisho kabisa, katika rezolusheni kamili, baada ya picha kukwisha kujengwa upya. Ukiyakuta nayo yana ukungu, tatizo lako liko kwenye rezolusheni ya skrini na si kwenye DLSS wala FSR.

Mtu anayetaka kuupima mfumo wa gemu yake asipoteze muda kulinganisha picha mbili za kusimama, maana zikisimama zote ni nzuri. Asimame karibu na uzio wa nyaya, ageuze kamera kwa ghafla, aache, atazame nusu sekunde ya kwanza. Fremu 32 kwa kasi ya 60 ni kama nusu sekunde, na ndani ya muda huo ataona uzio ukijikusanya kutoka vipande hadi waya kamili. Kisha amtembeze mhusika mbele ya majani mengi na kuangalia utepe ulio nyuma ya mabega, mahali ambapo historia imetupwa sasa hivi. Atakuta chembechembe kubwa, ukubwa wa pikseli halisi zilizochorwa. Video za mtandaoni hazimsaidii sana, kwa kuwa ubanaji wa video unafuta tofauti ndogo kama hizi.

Jaribio hilohilo linaonyesha kwa nini kasi ya fremu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa fremu 30 kwa sekunde, nukta 32 zinahitaji zaidi ya sekunde nzima kukusanyika, na kila kitu kinapiga hatua kubwa maradufu kati ya fremu na fremu, hivyo maeneo yanayofunuka bila historia yanapanuka. Mashine dhaifu, inayouhitaji msaada huu kuliko zote, ndiyo inayopata msaada mbovu zaidi.

Na rezolusheni ya kuanzia ina uzito uleule. Majina ya ngazi zilizo kwenye menyu yanaficha hesabu: Quality hugawanya kila upande kwa 1.5, Performance kwa 2, Ultra Performance kwa 3. Mwenye skrini ya 4K akichagua Performance, ndani kunachorwa 1080p, na mahali pasipo na historia bado pana pikseli milioni mbili za kushikilia picha. Mwenye skrini ya 1080p akichagua ngazi ileile yenye jina lilelile anaanzia 960 kwa 540, pikseli 518,400. Akishuka hadi Ultra Performance ni 640 kwa 360, na kanuni ya FSR 2 inataka fremu 72 kukamilisha mzunguko mmoja. Kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni sekunde moja na nukta mbili za kusimama bila kugusa kitu, na sijaona gemu ya risasi inayompa mtu nafasi hiyo. Kwenye skrini ya 1080p mimi huishia Quality, na kama kadi bado inalemewa napunguza vivuli kwanza.